Picha ya Kujaribia Taa

Mimi nikimpaka mtu poda namwona mpaka ndani. Ukishamshika mtu kidevu ukamwambia afumbe macho, hana tena pa kujificha. Bibi harusi anayemwogopa mama mkwe namjua kabla sijafika kwenye nyusi, na bwana harusi aliyesukumwa na baba yake namjua kwa jinsi anavyokaza taya. Kwa hiyo siku Bi Mkubwa alipokuja kukaa kwenye kiti changu akasema, "Nipake kidogo tu, nashuka chini kuangalia fremu," nikajua. Mwanamke wa umri ule hapaki rangi ya mdomo kwa ajili ya fremu.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Nani nini?"

"Bi Mkubwa, fremu zenu nyumbani zimezidi picha. Juzi nimekuta mmetundika ukutani paka wa jirani."

Akacheka mpaka nikaharibu wanja, halafu akanishika mkono na kunimwagia yote. Alikuwa ni Fundi Fremu, yule mzee mwembamba mwenye karakana chini ya studio yetu, anayenuka gundi na mbao mpya. Mkewe alifariki zamani, na Bi Mkubwa naye alifiwa na mumewe miaka mingi iliyopita. Walianza kwa salamu, wakaja kwenye chai, na sasa walitaka kuoana.

"Hongera," nikasema. "Tatizo liko wapi?"

Bi Mkubwa akanyoosha kidole kuelekea chumba cha kupigia picha. Tatizo lilikuwa mle ndani, limeinama juu ya kamera, linapuliza vumbi kwenye lenzi.

Huyo ndiye Bosi, binti yake wa pekee na mwenye studio. Bosi ni mpiga picha hodari, hilo sibishi. Anaweza kuona unywele mmoja kwenye bega la bwana harusi akiwa upande wa pili wa ukumbi. Ila mwenye unywele hamwoni. Wateja kwake ni kitambaa, ngozi, mwanga na kivuli. Nimefanya naye kazi muda mrefu na bado ananiuliza kama nina watoto. Ninao wanne, na mmoja wao Bosi mwenyewe ndiye aliyempiga picha ya kuhitimu.

Basi, jirani mmoja mjane alikuwa amepata mchumba, na siku moja mezani Bi Mkubwa akalitaja hilo jambo kwa kupima upepo. Bosi, kijiko mdomoni, akasema, "Mtu mzima vile anatafuta nini tena?" Akaendelea kula. Kuanzia hapo Bi Mkubwa akafunga mdomo.

Fundi Fremu naye alikuwa na msimamo wake. Mwanawe wa mji mwingine alikuwa anamwita akakae naye, na chumba kilikuwa tayari. Akamwambia Bi Mkubwa waziwazi kwamba amechoka kupenda kwa kujificha kama kijana wa shule. Kama binti atajua na kukubali, atabaki. Kama sivyo, mwisho wa mwezi anafunga karakana na kwenda kwa mwanawe, maana hataingia kwenye nyumba ambayo mtoto wa nyumba amenuna.

"Mwambie basi," nikasema.

"Siwezi. Nikimwambia kwa mdomo atanikatalia kwa mdomo, na akishasema hapana haitarudi. Unamjua. Nataka aone mwenyewe kwanza." Akajitazama kwenye kioo changu. "Akiona, nitasema. Ila aone."

Hapo ndipo mimi, ambaye sijawahi kuona chungu nisikitie mkono, nikapata wazo.

Bosi alikuwa anatengeneza brosha mpya ya studio. Maonyesho ya harusi yalikuwa yanakaribia, washindani wetu wa ng'ambo ya barabara walikuwa wameshatoa ya kwao yenye karatasi ya kung'aa, na mpiga chapa alitaka picha ya jalada kabla wiki haijaisha. Bosi alishaiona picha hiyo kichwani: wachumba wawili katika vazi la jadi, mwanamume kanzu nyeupe yenye kola ya darizi, mwanamke gauni refu na mtandio mwepesi wenye nakshi za dhahabu. Mwanga laini uwatoke nyuma, uwazungushie ukingo mabegani, na kila uzi uonekane. "Nataka mtu akishika brosha ahisi kitambaa vidoleni," alikuwa anatuambia kila asubuhi, mpaka tukawa tunaisema pamoja naye.

Sasa, Bosi ana utaratibu wake. Hapangi taa juu ya wanamitindo. Kupanga taa ni kazi ya kusogeza na kurudisha, na mwanamitindo akisimama muda wote huo anatoka jasho, poda inavimba, uso unachoka. Kwa hiyo anataka watu wa kusimamia kwanza, tena wavae nguo zilezile zitakazopigwa, kwa sababu pamba haipokei mwanga kama hariri, na hariri haipokei kama nailoni. Kawaida husimama mlinzi wetu na mimi.

"Mlinzi mgongo unamuuma," nikamwambia Bosi asubuhi ya siku ile. Mlinzi wa watu alikuwa mzima kama nondo, anakunywa chai langoni.

"Atasimama nani sasa?"

"Mama yako ana kimo cha yule binti mwanamitindo. Na Fundi Fremu yuko chini, hana kazi mpaka mchana."

"Sawa. Wapande." Hakuinua hata macho.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kamera yetu imeunganishwa na skrini kubwa, kila picha ikipigwa inatokea pale. Nilijua wale wawili wakisimama bega kwa bega, na mwanga ule nyuma yao, watang'aa. Mtu yeyote mwenye macho angetazama ile skrini na kusema, kumbe. Nikampaka Bi Mkubwa taratibu, bila kumzidishia. Nikamvalisha gauni na mtandio tuliokodi. Alipendeza mpaka nikaona haya kidogo kwa vile nilivyokuwa nimemzoea.

Fundi Fremu akapanda ngazi na kifurushi cha gazeti kwapani. Nikampa kanzu ya kukodi. Akaishika, akaipikicha kwa kidole gumba, akanirudishia.

"Hii ni plastiki, mama. Mimi nimekuja na yangu."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa kanzu ya pamba safi, yenye kola pana iliyodariziwa kwa uzi wa rangi ya maziwa mazito, maua madogo yamefuatana kuzunguka shingo hadi kifuani. Sikuwahi kuiona. Nikamgeukia Bi Mkubwa nimwambie asifu, nikamkuta macho yamemtoka. Alimsogelea mzee wa watu akamfinya mkononi hasa.

"Kwa nini umevaa hiyo?" akamnong'oneza.

"Kwa sababu leo napigwa picha na wewe," akajibu Fundi, anajikuna alipofinywa.

Nilidhani ni mambo ya wazee, nikapuuza.

Bosi akaanza kazi. Taa kubwa aliiweka nyuma yao, juu kidogo na pembeni, pale ambapo kamera haiioni, akaitandikia mbele yake shuka jeupe jembamba ili mwanga uwafikie umelegea. Kati ya taa hiyo na kamera akasimamisha kadi nyeusi, mwanga usije ukaingia moja kwa moja kwenye lenzi ukaifanya picha nzima ionekane imemwagiwa maziwa. Mbele yao akanisimamisha mimi na ubao mweupe mkubwa, niwarudishie mwanga usoni, kwani bila ubao huo wangekuwa vivuli vitupu. Mwisho akaweka taa ndogo dhaifu ubavuni, inayopita juu ya nguo kwa kuambaa, ili kila mshono utoe kivuli chake kidogo na uinuke.

Akapiga. Tukatazama skrini.

"Nyeupe imeungua hapa begani, uzi umepotea." Akapunguza taa ya nyuma. "Anti Poda, ubao juu. Juu. Usitingishike."

Akapiga tena. Nikachungulia skrini, na moyo ukanilipuka. Bi Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa upande wa Fundi kiasi cha unywele tu. Fundi hakuwa anatazama kamera wala ukuta. Alikuwa anamtazama yeye kwa namna ambayo, kusema kweli, mimi nimeolewa na sijawahi kutazamwa hivyo. Nikasubiri. Bosi akasogeza pua mpaka karibu na skrini. Akatazama. Akatazama sana.

"Kuna mkunjo hapa," akasema.

Ulikuwa kweli, kiunoni, mahali mtandio wa Bi Mkubwa ulipoangukia kati yao: doa jeusi ndani ya kile kitambaa chepesi. Bosi akachukua kibanio akaenda kuurekebisha. Alipofika, kitambaa kilikuwa kimenyooka hakina kosa. Akarudi akapiga. Mkunjo umerudi. Akaenda tena, kitambaa kimenyooka.

"Kitambaa hiki kina jini," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na ubao wangu, naona kila kitu. Walikuwa wameshikana mikono nyuma ya mtandio. Bosi akisogea wanaachana, akirudi kwenye kamera wanashikana. Masikini walidhani kitambaa kinawaficha, hawakujua taa ya nyuma inapenya mtandio mwepesi na kuchora kila kilicho nyuma yake. Nikauma ulimi. Ubao ukaanza kutetemeka kwa kicheko nilichokizuia.

"Anti, nimesema usitingishike! Mama, msogelee mzee kidogo. Mbona mmesimama hivyo? Simameni kama watu wanaofahamiana."

Nilikaribia kuuangusha ule ubao.

Wakasogea. Akapiga mfululizo, mara nyingi, akarudi kwenye skrini na kukunja mikono. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Nikajua sasa ndiyo sasa.

"Nzuri sana," akasema Bosi. "Nzuri mno. Ona kola ilivyosimama! Mzee, hiyo kanzu ni ya kweli. Haya, taa zimekaa, asanteni, mkavue. Waiteni wale wenyewe."

Basi. Ndiyo ilikuwa hiyo tu.

Wale wenyewe walikuwa wazuri, siwasingizii. Wazuri kama vikombe vya kabatini. Kijana alikuwa na kifua cha kunyanyulia vyuma, na kanzu ya Fundi haikumpita hata begani, ikabidi avae ile ya kukodi. Ikawa inametameta kila mahali kama mfuko wa nailoni, darizi yake ya mashine imelala bapa. Gauni la binti nalo, likivutwa na kifua kipana zaidi, likaanza kutoa mawimbi kwenye skrini, yale ya mistarimistari yanayotokea nyuzi nyembamba zikigombana na jicho la kamera. Bosi akasogeza kamera mbele, akairudisha nyuma, mawimbi yakaisha. Nyuso zikabaki vilevile.

"Mkumbatie," akamwambia kijana.

Kijana akamkumbatia binti kama anabeba mtungi wa gesi.

"Mtazame kama unampenda."

"Nimeshamtazama," kijana akajibu, na aliyasema kwa unyoofu kabisa.

Bosi akapiga mpaka akachoka, akawaruhusu, akaenda kukaa kwenye kompyuta na uso umevimba kwa hasira. Mimi nikarudi kwenye chumba changu cha kupambia. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti, anajifuta rangi kwa pamba, taratibu, mdomo kwanza.

"Hakuona," akasema.

"Hakuona."

"Nimesimama pale, mwanangu amenitazama kwa lenzi ya bei mbaya kuliko zote, na hakuniona." Akaitupa pamba. "Leo asubuhi Fundi amefunga sanduku la kwanza la vifaa. Misumeno imebaki."

Machozi yakamtoka, na alikuwa hapendi kulia mbele za watu, kwa hiyo akajifanya ni wanja. Sikupenda. Nilitaka niende nikamshike yule mtoto mabega nimtikise mpaka aone. Bi Mkubwa akanishika sketi.

"Ukimwambia wewe, sisemi nawe tena." Akajifunga kanga yake, akashuka chini.

Haukupita muda nikasikia, "Anti! Njoo mara moja."

Nikaenda nimenuna. Bosi alikuwa ameweka picha mbili kwenye skrini, kushoto wanamitindo, kulia wazee wetu.

"Ona hii kola ya plastiki, haina uhai. Nimepata akili. Nakata kola ya mzee, naibandika kwa huyu kijana. Mwanga ni uleule, nguvu ni ileile, hakuna atakayejua."

"Kata," nikasema. "Na kichwa chake ukitupe."

Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kuikuza picha ya Fundi, maana ukitaka kukata darizi vizuri lazima uifuate uzi kwa uzi. Kola ikajaa skrini nzima. Kila mshono ukawa mnene kama kamba, na kivuli chake pembeni, ile taa ndogo ya ubavuni ilikuwa imefanya kazi yake. Bosi akaanza kufuatisha ua la kwanza. Akafika kwenye kikonyo chake. Mkono ukasimama.

Akaenda ua la pili. La tatu. Akarudi la kwanza.

"Anti. Mzee alinunua wapi kanzu hii?"

"Sijui." Na kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nasema kweli.

"Mishono imeinama upande mwingine." Akaweka kidole kwenye skrini, yeye ambaye akikuona umegusa skrini anakufokea. "Ona. Mtu wa mkono wa kulia akidarizi, kikonyo kinaelekea huku. Hivi vyote vinaelekea kule. Na mwisho wa kila mstari kuna mafundo mawili. Mawili, mawili, mawili."

Nikatazama. Bi Mkubwa anatumia mkono wa kushoto. Hata chai anakoroga kwa kushoto.

"Nilipokuwa darasa la kwanza Mama alinidarizia kola ya sare," akasema Bosi, sauti imeshuka. "Wenzangu wakanicheka, maua yao yote yanaelekea huku, yangu yamegeuka. Nikarudi nalia. Akaniambia, siku ukipotea nitakujua kwa kola." Akahesabu maua kwa kidole. "Kola kama hii si kazi ya wiki."

"Wala mwezi."

"Ameidarizi wapi? Mimi si nipo nyumbani kila siku?"

"Upo na kompyuta."

Akanitazama. Halafu, polepole, akaishusha ile picha kutoka shingoni hadi kiunoni, kwenye ule mkunjo uliomsumbua. Akaongeza mwanga kwenye sehemu ya giza. Mkunjo ukafunguka ukawa vidole. Vidole vyembamba vya mama yake, na vile vya Fundi vyenye kucha zilizokatika kwa mbao, vimesukwa pamoja nyuma ya nakshi za dhahabu.

Mwisho kabisa, kama kawaida yake, akapandisha picha mpaka kwenye nyuso.

Nilijiandaa kwa kelele, nikaanza hata kupanga maneno ya kujitetea, lakini alipogeuka alikuwa na uso wa yule mtoto wa darasa la kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mlinzi."

"Ambaye mgongo unamuuma."

"Umepona."

"Kwa nini hakuniambia, Anti?"

Hapo ningeweza kumhurumia nikamdanganya, ila ulimi wangu haujafundishwa hivyo. "Alianza kukuambia. Ukasema mtu mzima vile anatafuta nini tena."

"Mimi?"

"Tena ulikuwa unakula."

Akafunika uso kwa mikono. Kisha akainuka ghafla, akanyakua kamera kutoka kwenye miguu yake mitatu, akashuka ngazi mbilimbili. Nikamfuata. Nisingekosa hata kama ningeteguka mguu.

Karakana ilikuwa imejaa maboksi. Fundi alikuwa anafunga misumeno kwa matambara, na Bi Mkubwa amekaa juu ya kifuniko cha sanduku, nadhani ili lisifungike. Walipotuona, wote wawili wakasimama kama wanafunzi waliokutwa nyuma ya darasa.

Bosi akavaa uso wake wa kazi.

"Mzee, shikamoo. Ile kanzu uliinunua wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sikununua. Nilipewa."

"Na nani?"

Fundi akamtazama Bi Mkubwa, akatazama misumeno. "Na mtu."

"Huyo mtu alikupa kanzu mbovu. Nimeikuza kwenye skrini. Kola ina kasoro."

"Kasoro!" Bi Mkubwa aliruka kama aliyekalia sindano. "Kasoro gani? Kola ile? Nimeifumua nikairudia mpaka vidole vikatoboka, unaniambia kasoro! Ilete hapa unioneshe hiyo kasoro!"

Bi Mkubwa akaziba mdomo kwa kiganja, lakini ilikuwa imeshatoka.

"Mishono imegeuka, Mama," akasema Bosi. "Yote inaelekea kule."

"Yangu ndivyo inavyoelekea," akajibu Bi Mkubwa, kwa sauti ndogo lakini kidevu juu.

"Najua."

Wakatazamana. Kisha Bosi akamgeukia Fundi, na swali aliloliuliza halikuwa la kazi tena.

"Na baba yangu?"

Picha ya baba yake imetundikwa pale juu mapokezini, na kila anayeingia inamkaribisha. Fundi akaweka msumeno chini.

"Fremu yake nilitengeneza mimi. Ulipoleta ile picha, nilichagua mbao nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, na wakati huo sikuwa nimesema na mama yako zaidi ya habari za asubuhi. Kila Jumatatu napanda kumfuta vumbi. Hujawahi kuniona?"

Bosi akatikisa kichwa. Hakuwahi kumwona.

"Nitaendelea kumfuta," akasema Fundi. "Ukiniruhusu kubaki."

Bosi alimwendea mama yake akamkumbatia, kamera ikawa katikati, ikamwumiza Bi Mkubwa kwenye mbavu, naye hakuilalamikia. Mimi nililia waziwazi. Mlinzi, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akadai ni vumbi la mbao.

"Haya, pandeni juu," Bosi akasema akijifuta. "Nguo zilezile. Safari hii mshikane mikono mbele, niipige vizuri."

Tukapanda, taa zikawashwa, nikashika ubao. Na unajua nini? Walikakamaa! Kwa kuwa sasa wanajua wanatazamwa, Fundi alitoa tabasamu la kitambulisho na Bi Mkubwa akawa anauliza nywele. Bosi akapiga, akacheka, akazima taa.

"Tunatumia ile ya kujaribia."

Na ndiyo iliyokwenda kwa mpiga chapa. Huyu mwanamke anayefuta kila chunusi, kila punje ya vumbi, safari hii hakugusa. Niliona kwenye kola uzi mmoja mdogo uliochomoza, nikamwonesha. "Uache," akasema. Ule mkunjo kiunoni aliuacha pia. Kwenye maonyesho watu waliipita meza ya washindani wetu na karatasi zao za kung'aa, wakaja kusimama kwetu, wanashika jalada kwa vidole, halafu wanauliza wale wazee ni nani. Bosi alikuwa anajibu kila mmoja, kwa sauti ya kusikika hadi meza ya tatu: "Mama yangu na mchumba wake."

Harusi ilikuwa ndogo. Bosi akaapa hakuna mwingine atakayepiga picha ila yeye. Nilimwonya, akanifukuza. Picha zilipofunguliwa kwenye skrini tukakuta keki imetoka safi sana, viatu vyangu vimetoka safi sana, na kila alipopigwa Bi Mkubwa au Fundi ni ukungu mtupu. Mpiga picha hodari wa mji mzima alikuwa amelia kwenye kitundu cha kamera tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo pale nyumbani kwao, ukutani, alipokuwa yule paka wa jirani, imewekwa picha ya kujaribia taa. Bosi alitaka kuwachapia upya, kubwa, bila maandishi. Bi Mkubwa akakataa katakata. Alitaka jalada lenyewe la brosha, akasema ndilo ambalo mwanawe amemtangaza nalo kwa watu wote. Fundi akalichongea fremu ya mbao nzuri, na alipokuwa anapima akauliza kama apanue ukingo wa chini kidogo, ufiche yale maneno. Akaambiwa asithubutu.

Basi ukienda kuwasalimia utawakuta hapo juu ya kochi, mwanga mabegani, kola uzi kwa uzi, wanajificha mikono. Chini yao kuna namba ya simu ya studio na maneno: Wahi kuweka nafasi yako.